Umebakiza Kiasi Gani? Ratiba ya Marejesho na Nakala ya Mkataba Wako wa Mkopo

Mwalimu wa sekondari alikopa shilingi milioni 6 kwa miezi 24. Kwa mwaka mzima amekatwa shilingi 340,000 kila mwezi kwenye mshahara. Sasa amepata benki nyingine iliyo tayari kuununua mkopo wake kwa riba nafuu, hivyo anakwenda kwa mkopeshaji wake kuuliza amebakiza kiasi gani. Afisa mikopo anatazama kompyuta, anachukua kipande cha karatasi na kumwandikia: 4,080,000.

Mwalimu anapiga hesabu. Makato 12 ya shilingi 340,000 ni 4,080,000. Kumbe amelipa kiasi kilekile anachoambiwa amebakiza, na akilipa hicho leo hapati nafuu hata ya shilingi moja kwa kumaliza mwaka mmoja kabla ya wakati. Anauliza kwa nini. Anajibiwa kwamba ndivyo mfumo unavyosoma.

Mwalimu huyu nimemtunga, lakini hesabu zake ni za aina inayowakuta watumishi wengi. Tatizo lake haliwezi kumalizwa kwa kubishana dirishani. Anahitaji karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni mkataba wa mkopo, unaosema walikubaliana nini. Ya pili ni ratiba ya marejesho, inayoonyesha kila rejesho linagawanywaje kati ya riba na deni lenyewe, na baada ya kila rejesho deni linabaki kiasi gani. Mkopeshaji anapokata kinyume na makubaliano, hitilafu hiyo huonekana pale karatasi hizi zinapowekwa pamoja. Ukiwa na moja tu, utabaki na mashaka.

Tuanze na ratiba, kwa kuwa ndiyo inayosumbua wengi. Ni jedwali lenye safu chache: namba ya rejesho, tarehe, kiasi cha rejesho, sehemu ya riba, sehemu ya deni la msingi, na salio. Msitari wa kwanza peke yake unasema mengi. Tuseme mkopo wa mwalimu una riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza kwenye milioni 6 ni 90,000. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwenye msitari wa pili.

Kama riba inatozwa kwenye salio linalopungua, mwezi wa pili lazima riba ishuke, kwa sababu deni limeshapungua. Kwa mkopo huu rejesho lingekuwa kama shilingi 299,545 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza 90,000 ni riba na 209,545 inakwenda kupunguza deni, ambalo linabaki 5,790,455. Mwezi wa pili riba inatozwa kwenye hiyo 5,790,455, kwa hiyo inakuwa 86,857. Mwezi wa tatu inashuka tena, na safu ya riba inateremka hivyo mpaka mwisho.

Kama safu ya riba inasema 90,000 mwezi wa kwanza, 90,000 mwezi wa pili na 90,000 mwezi wa ishirini na nne, hiyo ni riba flati. Mkopeshaji amechukua asilimia 18 ya milioni 6, akaizidisha kwa miaka miwili, akapata 2,160,000, akaijumlisha na deni na kugawa kwa miezi 24. Ndipo ilipotoka ile 340,000. Mteja analipa riba ya milioni 6 hata mwezi ambao amebakiwa na laki mbili na nusu tu. Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, hiyo asilimia 18 flati ni sawa na takriban asilimia 31 kwa mwaka. Tofauti ya gharama kati ya njia hizi mbili, kwa mkopo huu mmoja, ni karibu shilingi 971,000.

Mwenye kompyuta anaweza kuhakikisha rejesho lake mwenyewe. Katika Excel aandike riba ya mwezi, idadi ya miezi na kiasi cha mkopo:

```
=PMT(0.015,24,-6000000)
```

Jibu litakuwa 299,545 na ushee. Akiona kwenye hati ya mshahara anakatwa 340,000, ameshajua kwamba asilimia 18 aliyotajiwa siyo ya salio linalopungua, au kuna tozo zimeingizwa ndani. Asiye na kompyuta atatumia kikokotoo cha simu kwenye misitari mitatu ya mwanzo ya ratiba: salio la juu mara 0.015, aone kama linalingana na riba ya msitari unaofuata. Misitari mitatu inatosha, kwa kuwa mfumo uliokosea mwanzoni huwa umekosea mpaka chini.

Kabla ya misitari hiyo kuna salio la mwanzo, ambalo watu hulipita haraka. Mkopo ulikuwa milioni 6, lakini ratiba inaanzia milioni 6 na laki moja na ushee. Hapo ada ya kushughulikia mkopo au bima imeongezwa kwenye deni badala ya kukatwa kwenye fedha uliyopokea, na sasa unailipia riba. Huenda mkataba unaruhusu, huenda hauruhusu. Kwa upande mwingine, ratiba inaweza kuanzia milioni 6 kamili wakati akaunti yako ilipokea pungufu, kwa sababu ada zilikatwa juu kwa juu. Hilo si kosa, ilimradi mkataba unazitaja ada hizo na viwango vyake.

Watumishi wa umma wana jambo lao jingine. Mkopo unaweza kutoka wakati orodha ya mishahara ya mwezi imeshafungwa, makato ya kwanza yakaja mwezi mmoja nyuma ya ratiba. Mwezi huo wa katikati haupiti bure. Kwa mkopo wa mfano wetu, kama ungekuwa wa salio linalopungua, mwezi mmoja uliorukwa unaongeza riba ya 90,000 juu ya deni. Hiyo nayo ikizaa riba kwa miezi 24 inaacha kama shilingi 129,000 mwishoni. Ndiyo maana mtu anashangaa makato hayajakoma mwezi aliotarajia, na akiuliza anaambiwa kuna salio dogo. Hajaibiwa, lakini alipaswa kuambiwa mapema, na ratiba iliyorekebishwa ilipaswa kumwonyesha.

Kwa sababu hiyo usiombe ratiba moja. Omba ratiba ya awali, ile ya siku mkopo ulipotolewa, na ratiba ya sasa kama mkopo ulibadilishwa kwa namna yoyote: riba kupandishwa, muda kuongezwa, au mkopo mpya kuongezwa juu ya wa zamani. Huo mkopo juu ya mkopo ndio unaofuta nyayo kuliko mengine yote. Mkopo wa kwanza unafungwa kwenye mfumo, salio lake linahamia kwenye wa pili, na baada ya mara tatu hakuna anayekumbuka ni kiasi gani cha deni la leo kilikuwa riba ya juzi. Kama uliongeza mkopo, omba pia hesabu iliyofunga ule wa nyuma.

Ukifika tawini na kuomba ratiba, mara nyingi utapewa taarifa ya akaunti ya mkopo. Ni nzuri kuwa nayo, lakini ni kitu kingine. Taarifa inaeleza yaliyokwisha kutokea: tarehe makato yalipoingia, riba iliyotozwa, faini kama ipo. Ratiba inaeleza yaliyopangwa kutokea. Chukua zote mbili, usikubali moja ibadilishwe kwa nyingine. Wala picha ya kioo cha kompyuta iliyotumwa kwa simu usiihesabu kuwa ratiba. Haina jina la aliyeitoa, haina tarehe wala muhuri, na siku ya mgogoro hakuna atakayeikiri.

Tuje kwenye mkataba. Wengi wanaamini wanao, kumbe walichonacho ni fomu ya maombi au barua ya kukubaliwa mkopo. Wengine wana mkataba waliosaini wao peke yao. Karatasi zilikwenda makao makuu kusainiwa na upande wa mkopeshaji, na nakala iliyokamilika haikurudi kwao kamwe. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aweke wazi masharti na gharama kwa mteja, na mteja kupata nakala ya alichosaini ni sehemu ya uwazi huo. Kwa hiyo unapoomba nakala huombi fadhila.

Sasa, nakala ipi? Fotokopi ya kawaida inakutosha kusoma nyumbani. Ukitaka kuipeleka mahakamani, kwa msuluhishi au kwa benki inayotaka kununua mkopo wako, utahitaji nakala iliyothibitishwa, na hapa watu hupoteza fedha zao kwa wakili bila sababu. Wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo hugonga muhuri wa nakala halisi baada ya kuona karatasi ya asili na kuilinganisha na nakala. Kama karatasi ya asili iko kwenye kabati la benki na wewe una fotokopi tu, wakili makini atakurudisha. Anayeweza kuthibitisha ni yule mwenye hati ya asili, yaani mkopeshaji mwenyewe. Nakala nzuri ina maneno ya uthibitisho kwamba ni sawa na hati ya asili iliyo kwenye kumbukumbu zake, jina na cheo cha aliyethibitisha, saini, tarehe na muhuri wa taasisi. Muhuri uwe kwenye kila ukurasa, si wa kwanza tu, maana ukurasa wenye kifungu cha riba kwa kawaida hauko mbele.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inatanguliza hati ya asili kama ushahidi wa msingi. Nakala hupokelewa katika mazingira maalumu, mojawapo likiwa pale hati ya asili iko mikononi mwa upande wa pili na upande huo umetakiwa kuitoa ukashindwa. Barua yako ya kuomba nakala, yenye muhuri wa mapokezi, inaonyesha kwamba uliitaka na uliitaka lini. Sheria hiyo ina utaratibu wake pia kwa vitabu vya kibenki: nakala ya maingizo hupokelewa ikiwa na uthibitisho, kama wa afisa wa benki, kwamba imetolewa kwenye kumbukumbu za kawaida za benki na imelinganishwa nazo. Jambo hilo litaje unapoomba taarifa ya akaunti kwa ajili ya kesi. Tazama pia kama mkataba umelipiwa ushuru wa stempu. Hati inayopaswa kulipiwa isipolipiwa inaweza kukataliwa mahakamani hadi ushuru na faini vilipwe, na hilo linauma upande wowote unaoitegemea.

Ombi liwe la maandishi. Barua fupi inatosha, na kwa meneja wa tawi inaweza kusomeka hivi:

YAH: MAOMBI YA RATIBA YA MAREJESHO NA NAKALA ILIYOTHIBITISHWA YA MKATABA WA MKOPO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wako mwenye akaunti ya mkopo namba (iandikwe), mkopo wa shilingi 6,000,000 uliotolewa tarehe (iandikwe). Naomba kupatiwa ratiba ya marejesho kama ilivyokuwa siku ya kutolewa mkopo, pamoja na ratiba ya sasa kama kuna mabadiliko yoyote. Taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza hadi leo. Na nakala iliyothibitishwa ya mkataba wa mkopo uliosainiwa na pande zote mbili, pamoja na viambatisho vyake vyote. Aidha, naomba kujulishwa kwa maandishi salio la kumaliza mkopo kufikia tarehe (iandikwe), likichanganuliwa kwa deni la msingi, riba, na tozo nyingine. Naomba majibu ndani ya siku 14. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu.

Siku 14 hapo ni ombi lako mwenyewe, si muda ninaodai umewekwa na sheria. Tarehe ya mwisho humfanya anayesoma aipangie barua kazi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Ukituma kwa baruapepe, tumia anwani rasmi ya huduma kwa wateja, si ya afisa mmoja ambaye kesho atahamishiwa tawi jingine.

Maneno "pamoja na viambatisho vyake vyote" yana kazi. Mikataba mingi ina kurasa chache zenye jina lako na kiasi, halafu inasema mengine yatafuata masharti ya jumla ya taasisi, ambayo ni kijitabu tofauti. Kifungu cha kumaliza mkopo mapema hupenda kujificha humo. Humo pia utakuta kama mkopeshaji anaruhusiwa kupandisha riba katikati ya safari, na kama anapaswa kukuarifu kwanza.

Gharama inaweza kuwepo. Taasisi nyingi zina orodha ya tozo, na nakala za nyaraka ni moja ya vitu vinavyotozwa. Uliza orodha hiyo, lipa kilichoandikwa, dai risiti. Tozo isiyo na risiti si ya nakala.

Mkopeshaji atakataa kumpa nyaraka mtu asiye mhusika, na hapo yuko sahihi. Mume hawezi kuchukua mkataba wa mkewe bila idhini ya maandishi. Aliyekufa akiacha mkopo, nyaraka zake huombwa na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya uteuzi kutoka mahakamani. Ombi hilo lisicheleweshwe, kwa sababu mikopo mingi ya mishahara huwa na bima inayolipa deni mkopaji akifariki, na familia nyingine huendelea kudaiwa kwa kutojua kwamba bima hiyo imo kwenye mkataba. Mdhamini naye ana haki ya kupata hati aliyoisaini mwenyewe.

Ukizungushwa, kuna ngazi za kupanda. Kwanza ni malalamiko ya maandishi ndani ya taasisi yenyewe, yakiambatana na ile nakala ya barua yenye muhuri. Baada ya hapo, kwa benki, Benki Kuu ina dawati la kutatua malalamiko ya wateja, na litataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma. Wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wengi wa wale wanaoitwa kausha damu mitaani, wanaangukia daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. SACCOS ziko daraja la tatu, na msimamizi wake wa karibu ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kuna njia nyingine ambayo bado haijazoeleka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na historia ya mkopo wako ni taarifa yako. Kuitaja sheria hiyo kwenye barua ya pili huwa kunaamsha idara ya sheria ambayo barua ya kwanza haikuifikia.

Turudi kwa mwalimu wetu. Amepata karatasi zake. Ratiba inaonyesha riba ya 90,000 kila mwezi bila kushuka, yaani flati. Sasa anafungua mkataba kutafuta vifungu viwili: riba inakokotolewaje, na akimaliza mapema inakuwaje.

Akikuta mkataba unasema wazi kwamba riba ni flati, na kwamba anayemaliza mapema analipa riba yote iliyobaki, ile 4,080,000 ina miguu ya kusimama. Anaweza kuomba punguzo, anaweza kulalamika kwamba hakuelezwa vizuri, lakini asijidanganye kwamba mfumo umekosea. Tena ajiulize kama kuhamisha mkopo kuna maana. Akikopa 4,080,000 kwingine ili kulipa 4,080,000 hapa, riba ya benki mpya, hata iwe ndogo vipi, ni gharama ya nyongeza tupu.

Akikuta mkataba unasema flati lakini anayemaliza mapema halipi riba ya miezi ambayo haijafika, salio ni milioni 3 ya deni la msingi, labda na ada ya kumaliza mapema kama imeandikwa. Ile 1,080,000 ya juu haimhusu.

Na akikuta mkataba unasema asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, mambo yanageuka kabisa. Rejesho lake lilipaswa kuwa 299,545, naye amekatwa 340,000 mara 12. Kila ziada ilipaswa kupunguza deni. Ukiikokotoa upya hesabu yote kwa asilimia moja na nusu ya salio la kila mwezi, baada ya makato 12 amebakiza takriban 2,740,000. Kati ya hiyo na 4,080,000 aliyoandikiwa kuna shilingi 1,340,000.

Mkataba usiosema lolote kuhusu njia ya kukokotoa, ukataja asilimia 18 tu, ndio mgumu kuliko yote, na upo. Hapo ratiba ya awali inakuwa na uzito mkubwa. Kama alionyeshwa na kuisaini siku ya mkopo, mkopeshaji atasema mteja alijua rejesho ni 340,000. Kama hakuonyeshwa, hoja ya kutowekwa wazi kwa gharama inapata nguvu mbele ya dawati la malalamiko. Ndiyo sababu aliiomba ile ya siku ya kwanza.

Kwa vyovyote itakavyokuwa, asilipe kwa kipande cha karatasi. Salio la kumaliza mkopo litolewe kwa barua yenye tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa kuwa riba inaendelea kuhesabika na makato ya mwezi yanaweza kuingia katikati. Akishalipa, adai barua ya kumaliza mkopo na uthibitisho kwamba maelekezo ya makato yameondolewa kwenye mshahara. Makato yakiingia tena mwezi unaofuata, barua hiyo na taarifa ya akaunti ndizo atakazopeleka kudai zirudishwe.